Kupika Maini kwa Haraka Yabaki Laini

Nyama ya paja au ya shingo ya ng'ombe ina nyuzi ndefu za misuli zilizofungwa pamoja kwa tishu ngumu nyeupe, na tishu hizo ndizo zinazohitaji saa moja au mbili za kuchemka polepole mpaka ziyeyuke na nyama ilainike. Ini halikuumbwa hivyo. Ni mkusanyiko wa seli laini zilizojaa damu na maji, na tishu za kufungia ndani yake ni chache mno. Hakuna kitu cha kuyeyushwa kwa muda mrefu motoni. Ini bichi tayari ni laini, na kazi yote ya mpishi ni kuliivisha bila kuuharibu ulaini huo.

Joto linapoliingia, protini zake huganda na kushikana. Zikiganda kiasi, ini huwa imara lakini bado lina majimaji yake. Joto la ndani likizidi kupanda kupita nyuzi 70 na ushei za Selsiasi, protini hujikaza na kuyakamua maji yaliyokuwa ndani, na kinachobaki ni kipande cha kijivu kinachotafunika kama raba. Kwa kipande chembamba, kutoka hali ya kwanza hadi ya pili ni suala la dakika mbili au tatu tu. Tena hakuna njia ya kurudi. Nyama ya msuli iliyokaza inaweza kuongezewa maji na kuchemshwa mpaka ilegee, lakini ini lililokauka likichemshwa zaidi huishia kumeguka na kuwa chengachenga, ukavu ukiwa palepale.

Mazoea ya jikoni ndiyo yanayowaponza wengi. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki nyama huchemshwa kwanza kwa chumvi, tangawizi na ndimu hadi iive, kisha hukaangwa, kisha huungwa kwa vitunguu na nyanya. Utaratibu huo unafaa kabisa kwa nyama ya mfupa, ulimi au utumbo. Ukifuatwa kwa maini, yanakuwa yamepikwa mara tatu, na kila mara moja kati ya hizo ingetosha kuyaivisha. Njia inayoyafaa ni kinyume chake: mchuzi huanza na kuiva wenyewe, na maini huingia mwisho, wakati kila kitu kingine kiko tayari na watu wanakaribia kukaa mezani.

Kuchagua na kusafisha

Ini zuri la ng'ombe huwa na rangi ya kahawia iliyoiva yenye wekundu, uso unaong'aa na unyevu usio na utelezi. Likibonyezwa kwa kidole hujirudi. Harufu yake ni ya damu mbichi tu. Likinukia uchachu, halifai. Ini la ndama lina rangi nyepesi zaidi na ladha ya upole, na la ng'ombe mzee huwa jeusi kidogo, zito kwenye ladha na lenye mirija mipana. Anayenunua kwenye bucha anayoizoea huweza kuomba akatiwe upande mwembamba wa ini, kwa sababu upande mnene ndio unaobeba mirija mingi mikubwa.

Mirija hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wanaolishwa penye majimaji hupata minyoo bapa ya ini, na mnyoo huyo hukaa ndani ya mirija ya nyongo. Ini lililoathirika huwa na mirija iliyonenepa, myeupe na migumu, na kisu kikipita humo husikika kikikwaruza kana kwamba kimekuta changarawe. Mkaguzi wa nyama machinjioni huyaondoa maini ya namna hiyo kabla hayajafika sokoni, na hiyo ni sababu tosha ya kununua nyama iliyokaguliwa. Hata hivyo kisu cha jikoni nacho huweza kugundua kilichopita. Ini lenye mikwaruzo hiyo, au lenye vidonda, usaha au mabaka magumu meupe, hurudishwa bucha.

Uchungu unaosikika kwenye maini una vyanzo vitatu, na si vyote vinavyotokana na ini. Cha kwanza ni nyongo. Kifuko chake hushikana na ini, na kikipasuka wakati wa kuchinja, maji yake ya kijani yenye umanjano hulowesha nyama iliyo karibu. Kusuuza hakusaidii kitu kwa sababu nyongo huingia ndani haraka. Sehemu yote yenye rangi hiyo hukatwa na kutupwa, pamoja na upana wa kidole wa nyama safi inayoizunguka. Kwenye maini ya kuku hilo ni muhimu zaidi, kwani kifuko ni kidogo, hufichika kati ya ndewe mbili za ini, na huja nacho mpaka jikoni. Hukatwa pamoja na kipande cha ini kinachokishika, bila kukivuta kwa vidole.

Chanzo cha pili ni kupika kupita kiasi, ambako ladha nzito ya damu na madini ya chuma hukolea kadiri maji yanavyopungua. Cha tatu husahaulika: kitunguu saumu kilichoungua. Kikitiwa kwenye mafuta yenye moto unaofaa kukaangia maini, hubadilika na kuwa cheusi kabla maini hayajageuzwa, na uchungu wake huenea chakula kizima. Binzari na unga wa viungo vya mchuzi hufanya vivyo hivyo. Mara nyingi ini hulaumiwa kwa kosa la kitunguu saumu. Ndiyo maana viungo hivyo vyote huwekwa kwenye mchuzi, ambako kuna unyevu, na kikaango cha maini hakitiwi kingine zaidi ya mafuta.

Ini lililosuuzwa mara moja kwa maji baridi huvuliwa utando mwembamba unaolifunika. Utando huo huonekana kama karatasi ya nailoni, na ukiachwa hujikunja motoni kwa kasi kuliko nyama, hivyo kipande hujipinda kama bakuli, katikati kikaachana na kikaango na pembeni kikakauka. Kuuvua ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Kwenye ukingo wa ini hukwanguliwa kwa ncha ya kisu mpaka utando unyanyuke, kisha kidole gumba huingizwa chini yake na kusukumwa mbele taratibu huku mkono wa pili ukivuta utando nyuma. Ukikatika, huanzwa tena pengine. Mirija mikubwa iliyobaki huondolewa wakati wa kukata vipande.

Kuloweka si lazima kwa ini la mnyama mchanga. Kwa ini lenye harufu kali, maziwa ndiyo yanayofaa: vipande hufunikwa kwa maziwa baridi kwa nusu saa hadi saa moja, ndani ya friji, kisha maziwa humwagwa. Maziwa huchukua sehemu ya damu na harufu bila kuigusa nyama yenyewe. Ndimu na siki ni jambo jingine. Asidi huanza kugandisha protini kama moto unavyofanya, ila polepole, na alama yake ni rangi: uso wa ini hufifia na kuwa kijivu. Kipande kilicholala kwenye ndimu tangu asubuhi huingia jikoni kikiwa nusu kimeshaiva upande wa nje, na hutoka kikavu. Anayependa ladha ya ndimu hufanya vizuri kuikamulia juu ya chakula kilichokwisha kuiva.

Kukata na kukausha

Ini bichi huteleza chini ya kisu na kutoa vipande vyenye upande mnene na upande mwembamba, ambavyo haviwezi kuiva pamoja. Likiwekwa kwenye friza kwa nusu saa hadi dakika arobaini, likagandiana kidogo bila kuwa barafu, hukatika kwa usawa. Kwa rosti, vipande vya unene wa sentimita moja na urefu wa kidole vinatosha. Vikiwa vyembamba zaidi ya nusu sentimita huiva kabla havijapata rangi, na vikiwa mabonge makubwa hukauka nje ndani kukiwa bado ni damu.

Vipande hutandazwa juu ya kitambaa safi au karatasi ya jikoni, vikafunikwa na kubonyezwa kidogo hadi viache kuacha alama ya maji. Hatua hii huchukua dakika moja na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Maji yaliyo juu ya nyama lazima yageuke mvuke kabla nyama haijaanza kubadilika rangi, na muda huo wote ini linachemka badala ya kukaangika. Ini lililogandishwa kisha likayeyushwa hutoa maji mengi zaidi, kwa hiyo huyeyushwa ndani ya friji usiku mzima, huwekwa kwenye chujio, kisha hukaushwa mara mbili.

Chumvi nayo husubiri. Ikinyunyizwa mapema huvuta maji hadi juu, na kazi ya kitambaa hupotea. Hutiwa vipande vikiwa vimekwisha kuiva, au sekunde chache tu kabla havijaingia kikaangoni. Wapo wanaovipitisha vipande kwenye unga wa ngano kabla ya kukaanga. Unga hunywa unyevu, huleta rangi nzuri na baadaye huukaza mchuzi, lakini unapaswa kukung'utwa vizuri, na vipande vikaangwe papo hapo, la sivyo hugeuka uji.

Rosti ya nusu kilo ya maini

Kwa watu wanne, nusu kilo ya maini huungwa kwa vitunguu maji viwili vikubwa, nyanya tatu zilizoiva, pilipili hoho moja, punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mafuta ni vijiko vinne vya chakula, viwili vya mchuzi na viwili vya kukaangia. Chapati, ugali au wali viwe vimekwisha kuiva, kwani kitakachofuata hakina nafasi ya kusubiri.

Mchuzi huanza katika sufuria yake. Vitunguu vilivyokatwa vipande vyembamba hukaangwa kwa moto wa wastani kama dakika nane mpaka vilegee na kuanza kuwa rangi ya dhahabu. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa huingia hapo na kukorogwa kwa nusu dakika, kisha nyanya zilizokatwakatwa hutiwa mara moja ili unyevu wake uvikinge visiungue. Nyanya huachwa ziive dakika kumi hadi kumi na mbili, zikibonyezwa kwa mwiko, mpaka ziwe nzito na mafuta yaanze kujitenga pembeni ya sufuria. Hoho iliyokatwa vipande huongezwa dakika mbili za mwisho ili ibaki na ukakamavu wake. Chumvi ya chakula chote hutiwa humu na kuonjwa. Mchuzi ukiwa mzito mno huongezewa robo kikombe cha maji ya moto, kisha moto hupunguzwa kabisa.

Sasa kikaango huwekwa motoni. Kizito cha chuma ndicho bora, kwa sababu hakipoi nyama inapoingia. Sufuria nyepesi ya aluminiamu inaweza kutumika, ila mafungu ya maini yawe madogo zaidi. Kwenye jiko la mkaa, husubiriwa hadi makaa yote yawe mekundu na moshi uishe. Mafuta huwa tayari yanapoanza kutetema juu ya kikaango na kutoa moshi mwembamba mno.

Nusu ya vipande huwekwa kimoja kimoja, kwa nafasi, bila kugusana. Sauti ndiyo kipimo cha kwanza. Mlio mkavu unaopasuka kwa kasi maana yake moto unatosha. Sauti ikififia na maji ya kijivu yakaanza kukusanyika chini, kikaango kimejazwa kupita uwezo wake. Likitokea hilo, nusu ya vipande huondolewa mara moja, maji humwagwa, na kikaango kikarudishwa kwenye joto lake kabla ya kuendelea.

Vipande haviguswi. Baada ya dakika moja hivi ukingo wa chini hubadilika na kuwa kahawia, na kwenye uso wa juu ambao bado ni mbichi hutokea matone madogo ya damu, kwanza moja, kisha kadhaa. Hiyo ndiyo alama ya kugeuza. Upande wa pili huhitaji muda mfupi zaidi. Matone yanapotokea tena juu yakiwa mepesi, ya rangi ya waridi iliyofifia au yasiyo na rangi, kipande kimefika. Kwa unene wa sentimita moja, jumla yake ni kama dakika mbili na nusu hadi tatu kutoka kuingia hadi kutoka. Fungu la kwanza huwekwa kwenye sahani ya moto na la pili likafuata, baada ya mafuta kurudia joto lake.

Ukaguzi wa mwisho hufanywa kwa kisu kwenye kipande kinene kuliko vyote. Katikati pasiwe pekundu wala pa kung'aa kama ini bichi. Pawe na ukahawia hafifu wenye uwaridi kidogo, na kimiminika kinachotoka kiwe angavu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inapendekeza ini la ng'ombe lifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati, na mwenye kipimajoto cha jikoni anaweza kulifuata hilo kwa uhakika. Ulaini haudai ini lenye damu. Kati ya ini lililoiva salama na ini lililokauka kuna nafasi, ila ni finyu, na ndiyo sababu ya kusimama jikoni dakika hizo tatu bila kwenda kufungua mlango.

Mafungu yote mawili, pamoja na majimaji yaliyochuruzika sahanini, hutiwa kwenye mchuzi uliokuwa ukisubiri. Hukorogwa mara mbili tatu, moto huzimwa, na sufuria hufunikwa kwa dakika moja ili maini yashike ladha. Majani ya giligilani na ndimu huja mwisho. Aliyezoea rosti iliyotokota robo saa pamoja na maini ataona hii ni ya haraka mno, na huenda akashawishika kuiongezea moto kidogo "ikolee". Kinachokolea kwa kutokota ni mchuzi, nao ulishakolea kabla maini hayajaingia.

Figo, moyo na maini ya kuku

Figo hupikwa kwa kanuni ileile, ila usafishaji wake ni mkubwa kuliko upishi. Huvuliwa utando, hukatwa katikati kwa urefu, na kiini cheupe cha mafuta na mirija huondolewa chote kwa ncha ya kisu au mkasi, kwa sababu humo ndimo inamotoka harufu ya mkojo. Vipande vya unene wa sentimita moja hukaangwa dakika nne hivi. Figo hutoa maji mengi, na mpishi akiona yametokea huviweka vipande kwenye chujio kidogo kabla ya kuvitia kwenye mchuzi.

Moyo ni msuli, tena uliofanya kazi bila kupumzika. Una njia mbili tu: kukatwa vipande vyembamba vya nusu sentimita, kukingama na nyuzi zake, na kukaangwa dakika mbili kwa moto mkali, au kuchemshwa saa mbili na zaidi. Katikati ya njia hizo kuna ugumu. Kabla ya kukatwa huondolewa mafuta, mishipa na ngozi nyeupe ya ndani.

Maini ya kuku ni laini kuliko ya ng'ombe na huvumilia zaidi, lakini hayaliwi yakiwa na wekundu. Bakteria waitwao kampilobakta hupatikana hata ndani ya ini la kuku, si juu peke yake, hivyo katikati panatakiwa pafike nyuzi 74. Ndewe hutenganishwa, na kila kipande hukaangwa kama dakika tatu kila upande kwa moto wa wastani kwenda juu. Mpishi husimama mbali kidogo na kikaango, kwani ini la kuku hurusha mafuta. Mahali ambapo maini huuzwa yakiwa yamechanganywa na firigisi, vitu hivyo viwili hutenganishwa kwanza. Firigisi huchemshwa peke yake kama dakika arobaini na tano mpaka ziingie uma, ndipo zikutane na maini kwenye mchuzi. Zikipikwa pamoja tangu mwanzo, kimoja kitakuwa kibichi au kingine kitakuwa kigumu. Utumbo, mapafu na kongoro viko upande wa firigisi, si upande wa maini, na haraka haina nafasi kwavyo.

Maini mabichi hayakai. Ndani ya friji huhesabiwa siku moja, kwa mbali mbili, kisha hupikwa au hugandishwa yakiwa yameshavuliwa utando na kukatwa. Yaliyopikwa yakabaki hayarudishwi motoni pamoja na mchuzi wake kuchemka upya kwa muda mrefu. Vipande huchaguliwa na kuwekwa kando, mchuzi huchemshwa mpaka utokote sawasawa, kisha vipande hurudishwa na kukorogwa hadi navyo viwe vya moto mpaka katikati, na moto ukazimwa papo hapo. Vikionekana vimeshakaza, hukatwakatwa vidogo sana na kuchanganywa na mchuzi mzito wa kujazia chapati au mkate. Humo ukavu wake hausikiki sana.